Tachipedi imekufa au kishale kinarukaruka: pa kuanzia kabla hujagusa draiva

Laptopu nyingi ninazoletewa kwa shida ya tachipedi huwa zimeshafutwa na kuwekewa draiva upya mara mbili tatu kabla hazijanifikia. Mwenyewe amekesha nayo, amepakua faili asizozijua, na kishale bado kinaruka kama panzi. Kumbe draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kitufe cha kibodi kilichobonyezwa bila kujua, mafuta ya mkono, au chaja.

Kwa hiyo mimi huanza na maswali mawili. La kwanza: kishale kinasogea hata kidogo, au kimeganda kabisa? La pili, kama kinasogea ovyo: je, kinasogea hata mikono yako ikiwa mbali na mashine? Swali hili la pili wengi hawajiulizi, na ndilo linalookoa muda kuliko yote.

Ili majibu yake yaeleweke, jua kwanza tachipedi inahisi nini. Haihisi uzito wa kidole. Chini ya ule uso laini kuna wavu wa njia nyembamba za umeme zenye chaji ndogo sana. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, hivyo kidole kikikaribia, chaji ya mahali pale hubadilika kidogo na kidhibiti cha tachipedi hupiga hesabu ya mahali ulipogusa. Ndiyo maana ukivaa glavu za sufu haikuoni, na ndiyo maana tone la maji linaweza kuhesabiwa kuwa kidole.

Maelezo ya hapa chini ni ya Windows 10 na 11. Ukiweza, azima kipanya cha USB. Ukikosa, kibodi inatosha: kitufe cha Windows pamoja na R hufungua kisanduku cha kuandika amri, Tab hukuhamisha kutoka sehemu moja hadi nyingine, mishale hukupandisha na kukushusha, na kitufe kirefu cha nafasi huwasha au kuzima swichi.

## Dalili ya 1: Kishale hakisogei kabisa

Imezimwa kwa kitufe. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Tazama safu ya juu ya kibodi, vile vitufe vya F1 hadi F12, utafute picha ya mstatili mdogo wenye mstari wa kuukata au kidole juu yake. Kitufe chenyewe hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hata kati ya modeli mbili za kampuni moja, kwa hiyo fuata picha, usifuate namba uliyoambiwa na mtu. Kibonyeze chenyewe, kisha ukibonyeze huku umeshikilia Fn. Baadhi ya HP za zamani hazina kitufe hicho. Zina kitone kidogo kwenye pembe ya juu kushoto ya tachipedi, nacho hugongwa mara mbili. Taa ya rangi ya chungwa ikiwaka hapo, maana yake imezimwa.

Imezimwa kwenye mipangilio. Bonyeza Windows na R, andika hivi, kisha Enter:

```
ms-settings:devices-touchpad
```

Ukurasa ukifunguka, hakikisha swichi ya Touchpad imewashwa. Hapo hapo angalia Leave touchpad on when a mouse is connected. Ikiwa haina alama ya tiki, tachipedi itajizima kila mara kompyuta inapoona kipanya. Hapa ndipo watu wanaponaswa: kipanya kisichotumia waya kimesahauliwa kwenye begi, lakini kile kipokezi chake kidogo bado kimechomekwa kwenye tundu la USB. Kwa kompyuta, kipanya kipo. Chomoa kipokezi, ujaribu tena. Wenye Mac nao wana swichi kama hiyo ndani ya Accessibility, kwenye Pointer Control.

Sasa zingatia hili. Ukiandika amri ile na ukurasa usionyeshe swichi yoyote ya tachipedi, hiyo ni habari. Ama mashine yako ni ya zamani na tachipedi yake ina programu yake ya pembeni (andika `main.cpl` uitafute kwenye kichupo cha mwisho, kwa kawaida chenye jina la Synaptics au ELAN), ama Windows haiioni tachipedi kabisa. Kama jana tu swichi ilikuwepo, shika jibu la pili.

Kidhibiti kimekwama. Tachipedi ina kijikompyuta chake, nacho hukwama kama kompyuta yoyote. Kuizima laptopu kwa kawaida huenda kusisaidie, kwa sababu Windows huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka. Izime kikweli: shikilia Shift huku ukichagua Shut down. Kisha chomoa chaja na vyote vilivyochomekwa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, uachie, uwashe. Inaonekana kama uganga, lakini lengo ni kumaliza umeme uliobaki ndani ili kidhibiti kianze upya. Nimeona mara nyingi tachipedi iliyotangazwa kuwa imekufa ikirudi kwa hatua hii tu.

Draiva. Sasa ndiyo zamu yake. Windows na R tena, ufungue Device Manager:

```
devmgmt.msc
```

Fungua tawi la Human Interface Devices na lile la Mice and other pointing devices. Unatafuta jina kama HID-compliant touch pad, I2C HID Device, Synaptics au ELAN. Utakachokiona ni moja ya hali tatu.

Ya kwanza, jina lipo na lina alama ya njano. Lifungue usome ujumbe. Kwenye I2C HID Device unaokutwa sana ni *This device cannot start. (Code 10)*. Zima kikamilifu kama nilivyoeleza hapo juu. Ikigoma, bofya jina kwa kitufe cha kulia (kwenye kibodi ni Shift na F10), chagua Uninstall device, na usiweke tiki kwenye Attempt to remove the driver for this device, ambayo kwenye Windows 10 huandikwa Delete the driver software for this device. Washa upya, Windows itakitambua kifaa na kukipa draiva ile ile iliyokuwepo.

Ya pili, jina lipo, halina alama yoyote, na shida ilianza mara tu baada ya sasisho. Fungua Properties, kichupo cha Driver, ubonyeze Roll Back Driver. Ikiwa kitufe hicho kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa, basi pakua ya modeli yako hasa kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza laptopu. Zile programu zinazojitangaza kukutafutia draiva zote kwa mkupuo mmoja achana nazo. Nimesafisha uchafu wao mara nyingi kuliko nilivyorekebisha draiva zenyewe.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu: jina halipo kabisa. Ikiwa umeweka Windows upya siku za karibuni, usikimbilie kununua tachipedi. Kwenye mashine za sasa tachipedi huzungumza na kompyuta kupitia njia iitwayo I2C, na njia hiyo ina draiva yake, tofauti na ya tachipedi. Kwenye mashine za Intel hukaa chini ya System devices kwa jina lenye maneno Serial IO I2C. Za AMD huandikwa AMD I2C Controller. Draiva ya njia isipokuwepo, tachipedi haiwezi hata kuonekana, na utaweka draiva ya tachipedi mara kumi bila kupata kitu. Weka ya njia kwanza, washa upya, ndipo ufikirie ya tachipedi.

Waya au tachipedi yenyewe. Ikiwa Windows haikuwekwa upya na jina limetoweka, hasa baada ya laptopu kuanguka au kufunguliwa, kebo bapa inayounganisha tachipedi na bodi kuu inawezekana imelegea. Kabla ya kufungua chochote, ijaribu nje ya Windows. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Mashine nyingi za sasa huruhusu kishale humo ndani. Au washa laptopu kwa flashi yenye Linux bila kuisakinisha. Tachipedi ikifanya kazi humo, vifaa ni vizima na shida iko Windows. Isipofanya kazi kokote, ni waya au kifaa. Ukiwa ndani ya BIOS tazama pia kama haijazimwa humo. Kwenye Acer kadhaa utakuta chaguo la Touchpad lenye Basic na Advanced, na kuliweka upande mwingine huirudisha tachipedi ambayo Windows iligoma kuitambua.

## Dalili ya 2: Kishale kinaruka au kinabofya chenyewe

Weka laptopu mezani, inua mikono yote miwili, utazame skrini kwa dakika nzima. Kishale kikitulia, soma sehemu inayofuata. Kikiendelea kutembea, ruka hadi ile ya baada yake.

### Kinatulia ukiondoa mikono, kinaruka ukigusa

Uchafu na unyevu. Losheni, jasho na mafuta ya chakula hujenga utando usioonekana ukiitazama tachipedi moja kwa moja. Zima skrini, kisha iangalie kwa pembeni huku mwanga ukiilalia. Utaona njia zinazong'aa mahali kidole kinapopita sana. Utando huo ukiwa mkavu hufanya kidole kikwame na kuruka. Ukiwa na unyevu, kidhibiti huona vidole viwili pale penye kimoja.

Safisha hivi. Zima laptopu na uchomoe chaja. Chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kile cha miwani kinafaa, ukilowanishe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Kilowanishe kitambaa, usiimwagie wala kuipulizia tachipedi, kwa maana kioevu hupita kwenye mwanya wa pembeni na kushuka ndani. Futa kuelekea upande mmoja, kisha pitisha brashi laini kwenye mwanya kuzunguka pande zote nne. Subiri dakika tano ikauke. Kisha nawa mikono na uikaushe vizuri. Huwezi kujaribu tachipedi safi kwa kidole chenye losheni. Kama bado ina karatasi ya nailoni iliyokuja nayo kutoka kiwandani, ibandue. Hewa ikishaingia chini yake, hapo pamekwisha.

Chaja. Chomoa chaja, utumie betri kwa dakika kumi. Kishale kikitulia, umeshampata mkosaji.

Kuna kisa ninachokikumbuka kwa sababu kilinitia aibu. Jamaa yangu mmoja aliniletea laptopu, akasema kishale kinatetemeka na kufungua vitu ambavyo hakuvibofya. Alikuwa na hakika ni virusi. Mezani kwangu ilitulia tuli siku mbili. Nikasafisha uso, nikairudisha draiva ya zamani, nikamrudishia kwa kujiamini. Jioni ile ile akapiga simu: imerudia. Nikaenda kwake. Kidole kikitulia juu ya tachipedi, kishale kilicheza kwa milimita mbili tatu. Kidole kikiondoka, kishale kikasimama. Nilipopitisha nyuma ya vidole taratibu juu ya mfuniko wake wa chuma, nilihisi mtetemo mdogo, kama ngozi inakwaruzwa. Nikachomoa chaja, mtetemo ukaisha na kishale kikatulia.

Chaja yake ilikuwa ya pini tatu, lakini aliipitisha kwenye kichomeo cha kuunganishia chenye matundu mawili tu. Ile pini ya tatu, inayopeleka umeme wa pembeni ardhini, ilikuwa inaning'inia bure. Chaja za aina hii huvujisha kiasi kidogo cha umeme kuja upande wa laptopu. Penye waya wa ardhini, umeme huo hupata pa kwenda. Usipokuwepo, hubaki kwenye chuma cha mashine, na tachipedi inayojaribu kupima badiliko dogo la chaji kwenye kidole huvurugwa na umeme huo wa kupotea, ambao mafundi huuita kelele. Mezani kwangu ilitulia kwa sababu soketi yangu ina waya wa ardhini. Tulichomeka chaja moja kwa moja ukutani kwenye soketi ya pini tatu, na shida ikaishia hapo, bila virusi wala draiva.

Ukiwa na chaja ya pini tatu, jaribu soketi nyingine bila kichomeo cha katikati. Ikibaki vile vile, jaribu chaja nyingine ya asili yenye volti sawa na zilizoandikwa chini ya laptopu. Chaja za bei rahisi zisizo na jina zina kelele zaidi. Simama hapa kama unachokihisi kwenye chuma si mtetemo bali ni kupigwa shoti: chomoa, usiitumie tena soketi hiyo, na umwite fundi umeme aikague.

Kiganja. Unaandika, ghafla maneno yanaingia katikati ya sentensi ya juu. Hiyo si hitilafu; ni kiganja kinachogusa pembe ya tachipedi. Kwenye ukurasa ule wa mipangilio fungua Taps, na Touchpad sensitivity iteremshe hadi Low sensitivity. Isipotosha, ondoa tiki ya kugonga kwa kidole kimoja, ubaki ukibofya kwa kubonyeza.

### Kinatembea hata mikono ikiwa mbali

Hapa tachipedi inaweza kuwa inasingiziwa. Chomoa kila kitu cha USB na uzime Bluetooth. Kipanya kilichobanwa na daftari ndani ya begi hutuma ishara bila kuchoka. Ikiwa skrini yako ni ya kugusa na ina ufa au ilimwagikiwa, nenda Device Manager, bofya HID-compliant touch screen kwa kitufe cha kulia na uchague Disable device. Kishale kikitulia, skrini ndiyo mbaya. Kama kibodi yako ina ile chunusi nyekundu katikati, iache bila kuigusa sekunde kadhaa. Huwa inateleza upande mmoja polepole, kisha hujisawazisha yenyewe.

Vyote hivyo vikishindikana, izime tachipedi kwa kitufe chake na utumie kipanya. Kishale kikitulia, basi ni tachipedi kweli: ama ina unyevu ndani, ama inasukumwa kutoka chini. Hilo la pili ndilo la dalili inayofuata, na usiliruke.

## Dalili ya 3: Haibonyezeki, imeinuka, au inabofya bila kuguswa

Kwenye laptopu nyingi betri hukaa chini ya tachipedi au jirani nayo. Betri ikivimba husukuma juu, na tachipedi ndiyo sehemu laini inayoanza kuinuka. Lalisha rula juu yake, kutoka upande mmoja wa pa kuwekea viganja hadi mwingine. Rula ikibembea katikati, au mwanga ukipita pembeni yake, kuna kinachosukuma. Weka pia laptopu kwenye meza iliyonyooka uone kama inayumba, na uangalie kama mfuniko bado unafunga vizuri mbele.

Ukiona hivyo, simama. Zima mashine, chomoa chaja, usiichaji tena hata kwa dakika moja ya kunakili faili. Usibonyeze tachipedi irudi chini, usitoboe wala usikunje betri; betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto. Iweke mbali na vitu vinavyoungua na umpelekee fundi. Kubadilisha tachipedi peke yake hapa ni kutupa fedha, kwani mpya nayo itasukumwa vile vile.

Ikiwa haijainuka bali ni ngumu tu, kuna uwezekano makombo yameingia kwenye mwanya wa chini, brashi huyatoa. Na angalizo kwa wenye MacBook za miaka ya karibuni: tachipedi za nyingi kati yake hazishuki ukizibonyeza, mbofyo unaousikia ni mtetemo wa kutengenezwa. Mashine ikiwa imezimwa haibofyi kabisa, na haina ubovu.

## Dalili ya 4: Inakufa kila laptopu ikitoka usingizini

Device Manager, fungua I2C HID Device, kichupo cha Power Management, ondoa tiki ya Allow the computer to turn off this device to save power. Kichupo hicho kisipokuwepo, sasisha BIOS kutoka kwa mtengenezaji, chaja ikiwa imechomekwa na betri ina chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, laptopu inaweza isiwake tena.

## Ukifika kwa fundi

Maji yaliyomwagika hayasubiri hatua zozote za hapa: zima, chomoa chaja, ipeleke. Kwa mengine, mweleze ulichokiona kwa mpangilio: kama jina lipo kwenye Device Manager, kama inafanya kazi ndani ya BIOS, kama inatulia chaja ikichomolewa. Mwombe aanze kwa kutazama betri, kisha achomoe na kuchomeka upya ile kebo bapa kabla ya kuagiza kifaa. Kebo hiyo hubanwa na kijifuniko chembamba cha plastiki kinachoinuka kama kope, na fundi wa mwisho aliyeifungua mashine akisahau kukishusha, tachipedi itafanya kazi wiki moja na kufa siku laptopu itakapotikiswa.